Mgongano wa VPN na Adapta Nyingine za Mtandao Katika Windows

Swali: Juma ana kompyuta ya Windows. Ameunganisha VPN ya ofisi na programu inaonyesha kuwa imeunganishwa. Seva ya 192.168.70.4 inafunguka, lakini ya 192.168.56.20 haifunguki. Tatizo lilianza siku aliyosakinisha VirtualBox. Eleza chanzo na namna ya kulitatua.

Jibu

VirtualBox huongeza adapta ya mtandao isiyo kifaa halisi. Kwa kawaida adapta hiyo hupewa anwani 192.168.56.1. VPN nayo huongeza adapta yake. Kila adapta huandikisha njia zake katika jedwali la njia la Windows. Ili kuliona jedwali hilo, Juma afungue Command Prompt na aandike:

```
route print -4
```

Mistari miwili inayohusika ni hii:

```
192.168.0.0   255.255.0.0    10.8.0.1  10.8.0.6      26
192.168.56.0  255.255.255.0  On-link   192.168.56.1  281
```

Mstari wa kwanza ni wa VPN, wa pili ni wa VirtualBox. Anwani 192.168.56.20 inaingia katika mistari yote miwili. Windows huchagua kwanza njia inayotaja eneo dogo zaidi, yaani yenye 255.255.255.0. Kwa hiyo data inapelekwa VirtualBox, ambako seva ya ofisi haipo. Anwani 192.168.70.4 imo katika mstari wa VPN peke yake, ndiyo maana inafunguka.

*Angalia:* Wanafunzi wengi hujibu kuwa VPN itashinda kwa sababu 26 ni ndogo kuliko 281. Si sahihi. Namba hiyo ya mwisho hulinganishwa pale tu njia mbili zinapotaja eneo la ukubwa uleule.

Kuthibitisha na kutatua

1. Katika PowerShell aandike `Test-NetConnection 192.168.56.20`, kisha asome `SourceAddress`. Ikiwa ni 192.168.56.1, data inapita VirtualBox.
2. Afungue `ncpa.cpl`, abofye adapta ya VirtualBox kwa kitufe cha kulia na achague Disable. Seva ikifunguka, chanzo kimethibitika.
3. Airudishe adapta, kisha ndani ya VirtualBox abadilishe anwani yake iwe, kwa mfano, 172.20.5.1, mradi ofisi haitumii eneo hilo. Adapta ikiachwa imezimwa, kompyuta haitawasiliana na mashine za VirtualBox kupitia mtandao huo.

Ikiwa `SourceAddress` ni 10.8.0.6 na seva bado haifunguki, njia ni sahihi. Hapo ndipo achunguze kama fayawoli au programu ya kuzuia virusi inazuia data, au kama seva yenyewe imezimwa.

Zoezi: Kabla ya marekebisho, anwani 192.168.57.9 itapitia adapta ipi? Toa sababu.

Jibu la zoezi: Itapitia adapta ya VPN, kwa sababu haimo katika eneo la 192.168.56.0.