Barua ya Kijana kwa Mfadhili Wake

Kijana mmoja wa Makete alimaliza shule ya msingi, akapata nafasi katika shule ya bweni huko Iringa. Baba yake alikuwa mkulima wa viazi, wala hakuwa na fedha za kutosha kulipa ada. Mkunga mmoja mstaafu akakubali kumlipia. Hakutaka malipo yoyote, ila jambo moja tu: kila mwezi wa Desemba kijana amwandikie barua ya kueleza masomo yake.

Mwaka wa kwanza ulipokwisha, kijana akaandika hivi: "Nakushukuru sana kwa wema wako. Masomo yangu yanaendelea vizuri." Akampelekea mwalimu wake aisome.

Mwalimu akamwuliza, "Katika Hisabati ulipata ngapi?" Kijana akainama, asijibu neno.

Mwalimu akasema, "Mwanangu, barua hii yaweza kuandikwa na mtu yeyote kwa mtu yeyote. Tena taarifa ya shule itamfikia huyo bibi juma lijalo, naye ataona alama zako zote. Akiisha kuziona, atasadiki neno lako lipi? Nenda ukaandike upya."

Kijana akaenda, akaandika barua hii:

"Bibi mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nami natumaini nawe u mzima.

Nakushukuru kwa ada uliyonilipia. Nilipokuwa shule ya msingi nilitembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na jioni nilisoma kwa kibatari. Sasa nalala shuleni, na kila usiku tuna saa mbili za kujisomea kwenye taa.

Katika mtihani wa Novemba nimepata Kiswahili 78, yaani A. Biolojia 66, yaani B. Na Kiingereza 51, yaani C. Katika Hisabati nimepata 41, yaani D. Mwezi wa Juni nilikuwa nimepata 28, na hiyo ni F.

Bibi, sikushindwa kwa uvivu, lakini kosa ni langu. Shule ya msingi tulifundishwa kwa Kiswahili, na huku tunafundishwa kwa Kiingereza. Kutoa najua, lakini swali lilipotaka tofauti ya namba mbili, sikulijua lile neno la Kiingereza, nikazijumlisha. Niliona haya kumwuliza mwalimu, nikanyamaza miezi mitano. Baada ya mtihani wa Juni nilikwenda kumwuliza, naye akanishauri kuandika kila neno la Hisabati katika daftari dogo, pamoja na maana yake. Hivyo nimepanda kutoka 28 hadi 41.

Ulinipa shilingi 40,000 za vifaa. Nilinunua madaftari kwa 18,000 na kamusi kwa 14,000. Zimebaki 8,000, nazo zinawekwa na mhasibu wa shule.

Mwakani nitakuwa Kidato cha Pili, na mwishoni mwa mwaka tutafanya mtihani wa taifa. Nataka kufikia 45 katika Hisabati, maana hapo ndipo C inapoanzia. Kila jioni nitafanya maswali matatu pamoja na mwenzangu anayeliweza somo hili, nami nitamsaidia Kiswahili. Swali litakalotushinda tutalipeleka kwa mwalimu kesho yake, wala sitangoja mtihani. Nitakuandikia tena mwezi wa Juni, nikuambie kama mpango huu unafaa.

Baba na mama wanakusalimu sana.

Mimi mwanafunzi wako."

Mwalimu alipoisoma, akasema, "Hii ipeleke."

Basi, angalieni alivyofanya kijana huyu. Alama mbaya hakuificha, wala hakuiacha peke yake. Ameiandika pamoja na sababu yake na dawa yake. Kama angaliandika 41 tu, yule bibi angalihuzunika asijue la kufanya. Kama angalitaja sababu bila mpango, ingalikuwa udhuru mtupu. Hata mpango wake hausemi "nitajitahidi", kwa kuwa neno hilo haliwezi kupimwa. Unasema maswali matatu kila jioni na alama 45, hata ifikapo Juni yeye na bibi wataweza kuona kama ametimiza.

Tena hakuomba kitu kingine katika barua hii. Anayeshukuru na kuomba kwa pumzi moja, shukrani yake huonekana kama chambo.

Maswali

1. Kwa nini mwalimu aliikataa barua ya kwanza?
2. Kijana alikosea nini katika swali la tofauti, na kwa sababu gani?
3. Hakikisha hesabu ya fedha alizotumia kijana. Je, ni sahihi?
4. Andika barua fupi kwa mtu anayekulipia masomo. Taja somo moja unaloliweza na moja linalokushinda, pamoja na sababu na mpango wako.