Ukiitwa Ghafula Kusema

Mtu akiitwa ghafula kusema mbele ya watu, asitafute maneno mengi. Ashike mafiga matatu: jambo moja, tendo moja aliloliona, na ombi moja. Anapoinuka, achague kwanza lile ombi, kwani asiyejua mwisho wa maneno yake huzungukazunguka.

Tumtazame msafiri wa Kasongo aliyefika matangani huko Kabambare. Mzee wa ukoo akamwita: «Mgeni wetu, utuambie neno.» Akasimama, akanyamaza kidogo, akasema: «Poleni, ndugu zangu. Marehemu hakumfungia mgeni mlango. Usiku mmoja wa mvua nilibisha hodi kwake, naye hakuniuliza kabila. Alinipa moto, ugali na mkeka. Basi ninyi wanawe, mlango huu usifungwe.» Akaketi.

Neno la kwanza lilitaja wema wa marehemu, la pili likaushuhudia, la tatu likatoka katika hayo mawili. Kama angaliwahimiza watoto wasome, ombi lingalikuwa jema, lakini figa hilo lingalikaa mbali, na chungu kingalianguka.

Tena asianze kwa kusema, «Sikujiandaa.» Na akijiona anatafuta tendo la pili, ajue amekwisha kupita mahali pa kukomea: atoe ombi, aketi.