Benki ikisema deni "limefutwa", usishangilie bado

Kijana mmoja analima nyanya kule Mwea. Juzi alikuja ofisini kwangu na karatasi mkononi, amekasirika kweli. Alikuwa ameomba mkopo wa pampu na mipira ya matone, akanyimwa kwa sababu ya deni la zamani. "Lakini mwalimu," akaniambia, "benki yenyewe iliniambia lile deni lilishafutwa!"

Hapo ndipo wengi wetu tunapotea. Neno "kufuta" lina maana mbili, na kila moja ina mwisho wake.

Maana ya kwanza ni kusamehe: mkopeshaji anakuandikia kwamba hakudai tena. Maana ya pili ni ya vitabu vya hesabu. Mkopo ukichelewa zaidi ya siku 90, benki inauhesabu kuwa mkopo usiolipwa vizuri. Ukizidi kukaa, na benki ikaona haina matumaini ya karibu ya kuupata, inauondoa kwenye mali zake na kuuandika kama hasara. Hilo ni jambo kati ya benki na vitabu vyake. Mkataba uliotia sahihi haujaguswa. Bado unadaiwa, mdhamini wako bado yuko hatarini, na kama uliweka logibuku ya pikipiki, hiyo dhamana bado imefungwa.

Sasa tuangalie hesabu ya huyu kijana. Alikopa shilingi 150,000, akalipa vizuri mpaka akabakiza 100,000. Halafu mnyauko ukaingia shambani, mimea ikafa ikiwa na maua, naye akaacha kulipa. Riba ikaendelea kupanda mpaka deni likafika 130,000, ndipo benki ikaliandika kama hasara. Simu zikakoma, naye akadhani yameisha. Miaka miwili baadaye, wakala wa kukusanya madeni akampigia akitaka 240,000.

Je, anadaiwa zote hizo? Kwa mkopo wa benki hapa Kenya, Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, imeweka kikomo. Mkopo ukishakuwa usiolipwa vizuri, riba inayoongezwa kuanzia hapo haiwezi kuzidi salio lililokuwepo siku hiyo. Salio lake lilikuwa 100,000, kwa hivyo riba haiwezi kupita 100,000 nyingine. Jumla ni 200,000, na juu yake gharama halali za kukusanya deni tu. Hizo 40,000 zilizozidi, wakala lazima azieleze. Nilimwambia aandikie benki aombe taarifa kamili ya mkopo, yenye salio la siku ulipoharibika na kila kilichoongezwa baadaye.

Na ile rekodi ya CRB? Kwenye ripoti yake, mkopo huo ulikuwa na maneno Written Off, na mbele yake salio la 130,000. Mkopeshaji mwingine akisoma hapo, anaelewa kwamba mkopeshaji wa kwanza alikata tamaa na pesa bado haijarudi.

Kuna njia ya kutoka. Benki ikishaandika hasara, mara nyingi iko tayari kupokea pungufu kuliko kukosa kabisa. Kijana wetu aliomba kulipa 90,000 kwa mkupuo mmoja baada ya mavuno, nao wakakubali. Lakini hakutuma hata shilingi kabla ya kupata barua ya benki inayosema kwamba 90,000 hizo zinamaliza deni lote, na kilichobaki kimesamehewa. Bila maneno hayo, pesa yako inahesabiwa kama sehemu tu ya deni, na kesho unadaiwa iliyobaki. Pia alilipa kwenye akaunti ya mkopo wake benki, sio kwenye simu ya wakala.

Ukishalipa, usitarajie rekodi iwe nyeupe kesho yake. Salio linatakiwa kusoma sifuri na mkopo kuonyeshwa umelipwa, lakini historia kwamba uliwahi kushindwa inabaki miaka 5 tangu siku ya kumaliza kulipa. Ndiyo maana kungoja hakusaidii: usipolipa, hiyo miaka 5 haijaanza kuhesabiwa. Na kati ya "ameshindwa, hajalipa" na "alishindwa, akalipa", mkopeshaji anaona tofauti kubwa.

Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka CRB. Ichukue kabla ya kuomba mkopo wa msimu, sio baada ya kunyimwa. Ukikuta deni ulilomaliza bado lina salio, peleka malalamiko CRB ukiambatisha ile barua na risiti. Na ukiambiwa deni limefutwa, uliza swali moja tu: "Limefutwa kwenye vitabu vyenu, au mmenisamehe?" Kisha omba jibu kwa maandishi.