Tangazo la Mkurugenzi: Wasifu Wako Unajibu Nini?

Shimanzi ni mtaa wa depo za mafuta, maghala na malori. Wapo wakazi walioanza hapa wakiwa makarani na sasa ni mameneja. Tangazo la nafasi ya mkurugenzi likitoka, huhesabu miaka yao ya kazi, hutuma wasifu, kisha hawaitwi kwenye mahojiano wala hawajui walikosea wapi.

Mara nyingi miaka inatosha. Kasoro ni kwamba wasifu unaeleza kazi walizosimamia, ilhali tangazo linauliza maamuzi waliyofanya kwa ajili ya taasisi nzima. Kabla ya kutuma, pigia mstari sehemu za tangazo zinazotaja mkakati, bodi na matokeo ya taasisi. Kando ya kila sehemu, andika sentensi ya wasifu wako inayoijibu. Palipobaki wazi ndipo palipo na kazi.

Tuchukue mfano wa kubuni wa meneja wa shughuli katika depo ya mafuta anayeomba ukurugenzi wa shughuli katika kampuni ya umma yenye bodi.

Mkakati

Ameandika: "Nilishiriki kutayarisha mpango mkakati wa miaka mitano." Msomaji hajui kama aliupanga au aliandika tu kumbukumbu za vikao. Mkakati ni kuchagua njia moja na kuacha nyingine, kwa hivyo sentensi itaje chaguo lenyewe: "Nilipendekeza tukarabati matangi ya zamani badala ya kukodi nafasi kwingine, na pendekezo likaingizwa kwenye mpango." Kama hakuna chaguo alilotoa, sentensi hiyo haijibu sharti la mkakati.

Bodi

Ameandika: "Niliandaa ripoti za bodi kila robo mwaka." Kuandaa ripoti ambayo bosi wako ataiwasilisha ni jambo moja. Kukaa mbele ya bodi, kuulizwa maswali na kutoka na uamuzi ni jambo jingine. Aseme aliwasilisha mwenyewe mara ngapi, kwa kamati gani, na bodi iliamua nini.

Kama hajawahi, asibuni, kwa sababu swali la kwanza la mahojiano laweza kuwa hilo. Aangalie nje ya kazi yake: huenda amekaa katika bodi ya usimamizi ya shule au kamati ya usimamizi ya Sacco. Huko pia watu husoma hesabu, huwahoji watendaji na hufanya uamuzi. Huo ni ushahidi halali, mradi autaje ulivyo na asiukuze.

Matokeo ya taasisi nzima

Ameandika: "Nilipunguza malipo ya ziada ya idara kwa shilingi 400,000 kwa mwezi." Inavutia, lakini tufuatilie. Alipata akiba hiyo kwa kufuta zamu ya usiku. Malori 5 yaliyokodiwa na idara ya usafiri yakawa yanalala langoni kila usiku wa kazi, na kila moja likatozwa shilingi 4,000 za kusubiri. Hiyo ni shilingi 20,000 kwa usiku, na kwa siku 26 za kazi ni 520,000. Idara yake iliokoa 400,000, kampuni ikapoteza 120,000.

Hapa ndipo ukurugenzi unapotofautiana na umeneja. Mkurugenzi huulizwa hesabu ya nyumba nzima, si ya chumba chake. Kwa hivyo kila tarakimu kwenye wasifu ijibu maswali matatu: hali ilikuwaje mwanzoni, ilichukua muda gani, na idara nyingine ziliathirika vipi. Ikiwa meneja huyu aliiona hasara hiyo na kurudisha nusu ya zamu baada ya kukubaliana na idara ya usafiri, basi hicho ndicho kisa cha kuandika, kwa maana kinaonyesha mtu anayeona zaidi ya idara yake.

Ukiomba katika serikali ya kaunti

Wakurugenzi wa idara za kaunti wako chini ya Afisa Mkuu, na kwa kawaida idara haina bodi kama ya kampuni. Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, iliyoundwa chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, inahusika na uajiri. Wanaohoji utendaji wa idara ni kamati za Bunge la Kaunti. Hivyo, tangazo likitaja uwajibikaji, taja siku uliyosimama mbele ya watu wenye mamlaka ya kukataa pendekezo lako. Likitaja mkakati, soma kwanza sehemu ya idara hiyo katika Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti wa miaka mitano, kisha uonyeshe ni kazi gani uliyowahi kufanya inayofanana na lengo lililomo.

Ukimaliza, mpe wasifu mtu asiyeijua kazi yako. Mwulize: niliamua nini, nilijibu kwa nani, na taasisi ilipata nini? Akishindwa kujibu kutokana na karatasi pekee, usiutume bado.