Mrabaha wa Dhahabu: Kile Daftari la Mfanyabiashara Linapaswa Kuonyesha

Machakos inajulikana zaidi kwa mchanga na mawe ya ujenzi. Dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Kenya hutoka hasa magharibi mwa nchi, katika kaunti kama Migori, Kakamega na Siaya. Mkazi wa Machakos anayenunua dhahabu huko ili aiuze kwa wanunuzi wengine huingia katika biashara yenye sheria tofauti na ile ya mchanga, na mara nyingi tatizo huanzia kwenye daftari.

Malipo matatu yasiyofanana

Leseni ya biashara ya kaunti humruhusu mtu kufungua duka au ofisi. Haimruhusu kununua dhahabu. Kwa kazi hiyo, Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 inataka leseni ya mfanyabiashara wa madini, ambayo huombwa kutoka wizara inayosimamia madini katika serikali ya kitaifa. Ada ya leseni hulipwa hata kama mwenye leseni hajanunua gramu moja.

Mrabaha ni kitu kingine. Ni sehemu ya thamani ya madini yaliyouzwa, na mwenye jukumu la kwanza kuulipa ni mwenye haki ya kuchimba. Kwa hiyo mfanyabiashara anaponunua anapaswa kujua kama mrabaha wa mzigo huo umeshalipwa, na kubaki na nakala ya risiti. Bila risiti, hana la kuonyesha mkaguzi akiuliza.

Mfano wa hesabu

Tuseme mchimbaji mwenye kibali anauza kipande cha gramu 30. Kipimo cha usafi kinaonyesha asilimia 90, kumaanisha dhahabu halisi ni gramu 27. Kwa urahisi wa hesabu, bei ya siku hiyo iwe shilingi 10,000 kwa gramu. Thamani ya mauzo ni shilingi 270,000. Kwa asilimia 5, kiwango cha dhahabu kilichotangazwa mwaka wa 2013, mrabaha ni shilingi 13,500. Kiwango huwekwa na Waziri kwa tangazo la Gazeti Rasmi, hivyo kinathibitishwa ofisini kabla ya kulipa.

Kosa linalotokea kwa urahisi ni kuandika pesa zilizofika mkononi. Kama mnunuzi alikata shilingi 12,000 za usafishaji na usafiri, mchimbaji huandika 258,000 na kuhesabu mrabaha wa 12,900. Mrabaha hutozwa kwa thamani kabla ya makato. Pengo la shilingi 600 litaonekana mara daftari la mchimbaji na la mnunuzi yakiwekwa pamoja.

Safu ya mahali dhahabu ilipotoka

Sheria hugawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa serikali ya kaunti na 10 kwa jamii ya mahali yalipochimbwa madini. Katika mfano wetu ni shilingi 9,450, shilingi 2,700 na shilingi 1,350.

Kinachoamua kaunti na jamii ya kupata mgao ni mahali pa kuchimba, si pa kuuzia. Mfanyabiashara akiandika "Machakos" kwa sababu ofisi yake iko hapa, jamii ya Migori iliyochimbiwa ardhi yake hupoteza ushahidi wa haki yake. Naye hujitia mashakani: dhahabu isiyo na asili inayoeleweka hufanana na ya magendo.

Mstari mmoja kwa kila ununuzi

Kila ununuzi uandikwe siku hiyo hiyo, kwa wino, ukiwa na tarehe, jina la muuzaji na nambari ya kibali chake, kaunti na eneo la mgodi, uzito kabla ya kuyeyushwa, usafi na jinsi ulivyopimwa, bei, makato yakiwa peke yake, na nambari ya risiti ya mrabaha. Vipande vya wauzaji wawili visiyeyushwe pamoja kabla ya kila kimoja kuandikwa, kwani baada ya hapo hakuna mizani itakayovitenganisha.

Kabla ya pesa kutolewa, kibali cha muuzaji kiangaliwe tarehe ya mwisho. Kikiwa kimepita, mauzo yasubiri.

Wafanyabiashara wa madini ya thamani wanahusika pia na sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha ya mwaka wa 2009, inayotaka kumbukumbu za biashara zitunzwe kwa angalau miaka 7. Daftari lililojaa kwa hiyo haliishii jikoni kuwashia moto. Huwekwa pamoja na risiti zake, mahali pakavu, likisubiri siku litakapoulizwa.