Sahani Moja ya Tambi: Jinsi ya Kukokotoa Wanga, Protini na Mafuta

Tambi zikichemshwa hunyonya maji, nazo huongezeka uzito hadi kufikia mara mbili na zaidi ya uzito wake wa awali. Jambo hili kila mpishi analijua. Hata hivyo, ndilo linalowapotosha watu wengi wanapotaka kujua ni chakula kiasi gani kilichomo katika sahani. Katika makala hii tutaeleza njia ya kufanya hesabu hiyo kwa usahihi, kwa kutumia mfano wa nyumba moja ya Kigongo, wilayani Misungwi, ng'ambo ya Busisi.

Mama wa nyumba hiyo aliwahi kuwauzia chakula abiria wa kivuko, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025. Kutokana na biashara hiyo alibaki na mizani ndogo ya jikoni. Sasa mizani hiyo ina kazi nyingine. Mwanawe wa miaka 15 ana kisukari cha aina ya kwanza, na kliniki imemfundisha kukadiria insulini yake kufuatana na gramu za wanga atakazokula. Kwa hiyo hesabu ya sahani ni sehemu ya matibabu yake.

Jumapili moja tulikaribishwa chakula: tambi kwa rojo la nyama ya kusaga, na jibini iliyokwanguliwa juu yake. Mama aliipima sahani ya kijana, akapata gramu 230 za tambi zilizoiva. Kisha akasoma pakiti: kila gramu 100 zina gramu 72 za wanga. Akazidisha, akaandika gramu 166.

"Mama, subiri kwanza," tulimwambia. "Kijana asichome sindano bado."

"Kwani pakiti inadanganya, mwalimu?"

"Haidanganyi. Lakini inazungumzia tambi kavu, na wewe umepima tambi zenye maji."

Hapo ndipo penye kiini cha somo. Maji hayana wanga, wala protini, wala mafuta. Tambi zinapoyanyonya, uzito huongezeka lakini wanga haiongezeki. Kwa kweli hupungua kidogo sana, kwa kuwa sehemu ndogo hutoka na kuyafanya maji ya kuchemshia kuwa meupe. Upungufu huo tunaweza kuuacha katika hesabu ya nyumbani. Kosa la kuchanganya uzito mkavu na uzito wa maji haliwezi kuachwa, kwani limemzidishia kijana wanga zaidi ya mara mbili. Insulini inayokadiriwa kwa wanga ambayo haipo hushusha sukari ya damu kupita kiasi: mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa, na asipopewa sukari upesi anaweza kuzimia.

Njia iliyo sahihi ni hii. Kwanza, pima tambi zote zikiwa kavu. Mama alitumia gramu 400. Pili, pima sufuria tupu na uandike uzito wake. Tatu, tambi zikiisha kuiva na kuchujwa, zirudishe katika sufuria hiyo, upime tena, kisha utoe uzito wa sufuria. Siku ile tambi zilizoiva zilikuwa na gramu 920. Sasa kila sahani hupata sehemu yake kwa uwiano: 230 ni robo ya 920, kwa hiyo kijana alipewa robo ya tambi kavu, yaani gramu 100. Ndani yake mna wanga gramu 72, protini gramu 12 na mafuta gramu 1.5.

Pengine msomaji atauliza: kwa nini tusikariri tu kwamba tambi huongezeka mara 2.3? Sababu ni kwamba uwiano huo hubadilika kufuatana na muda wa kuchemsha na aina ya tambi. Kama mama angeziacha motoni mpaka zikalainika sana na kufikia gramu 1,120, zile gramu 230 za sahani zingekuwa zimetokana na gramu 82 tu za tambi kavu, na wanga ingekuwa gramu 59 badala ya 72. Kwa hiyo yafaa kupima kila siku ya mapishi.

Rojo nalo hufuata kanuni ile ile, ila hapa maji hutoka badala ya kuingia. Vitu vyote hupimwa vikiwa vibichi. Nyama ya kusaga gramu 500, yenye mafuta ya kadiri, ilikuwa na protini kama gramu 100 na mafuta gramu 75. Mafuta ya alizeti yalikuwa gramu 30. Nyanya gramu 600 na vitunguu gramu 200 viliongeza wanga kama gramu 34 na protini gramu 7. Jumla ya sufuria nzima ilikuwa protini gramu 107, mafuta gramu 105 na wanga gramu 34. Rojo lilipokauka na kuwa zito, lilibaki na uzito wa gramu 1,000. Kijana alipakuliwa gramu 200, ambazo ni sehemu moja ya tano: protini gramu 21, mafuta gramu 21 na wanga gramu 7. Mpishi akiengua mafuta yanayoelea juu, ayapime na kuyatoa katika jumla kabla ya kugawanya.

Jibini ni rahisi, kwani huliwa kama ilivyopimwa. Gramu 20 za jibini ngumu zina protini kama gramu 5 na mafuta gramu 7. Wanga yake ni kidogo mno. Ipimwe kwa mizani, si kwa kijiko, maana jibini iliyokwanguliwa hujaa hewa, na kijiko kilichoshindiliwa hubeba zaidi ya kile kilichojazwa bila kushindiliwa.

Tukijumlisha, sahani ya kijana ilikuwa na wanga gramu 79, protini gramu 38 na mafuta karibu gramu 29. Kwa kuwa gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kilokalori 4, na ya mafuta 9, sahani nzima ilitoa kilokalori zipatazo 730. Mafuta hayo hayaongezi wanga, lakini huchelewesha chakula tumboni, hivyo sukari ya damu huweza kupanda saa kadhaa baada ya mlo. Wakati wa kuchoma sindano kwa mlo wa namna hii ni jambo la kuamuliwa pamoja na daktari wa mgonjwa.

Mwisho, kuna njia ya kugundua kosa hata bila mwalimu. Jumlisha wanga ya tambi katika sahani zote, kisha ulinganishe na wanga ya tambi kavu zilizoingia sufuriani. Gramu 400 zilikuwa na wanga gramu 288. Kwa hesabu ya kwanza ya mama, sahani nne kama ile zingekuwa na gramu 664. Sufuria haiwezi kutoa kisichotiwa ndani yake.

Zoezi: Tambi kavu gramu 500 za aina hiyo hiyo zimechemshwa, zikafikia gramu 1,200. Sahani moja ina gramu 180 za tambi zilizoiva. Je, ina wanga kiasi gani?

Jibu: 180 ÷ 1,200 × 500 = gramu 75 za tambi kavu; 75 × 0.72 = gramu 54 za wanga.