Nishati Huru Ikigawanywa kwa Halijoto: Jinsi Mteremko wa Grafu Unavyofichua Enthalpi ya Mmenyuko

Utangulizi

Kwa karne nyingi, wajenzi wa miji ya mwambao wa Afrika Mashariki, Lamu na Mombasa ikiwemo, walipata chokaa kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya marundo ya magogo. Motoni, jiwe ambalo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati huvunjika likawa chokaa, yaani kalsiamu oksidi, na gesi ya kaboni dioksidi ikatoka:

CaCO3 → CaO + CO2

Mmenyuko huu humeza joto jingi, na joto hilo ndilo linaloamua kuni zitakazoteketea. Swali linaloshughulikiwa na makala haya ni hili: je, joto linalomezwa na jiwe laweza kujulikana kwa kupima shinikizo la gesi peke yake, bila kulipima joto lenyewe? Jibu ni ndiyo, na ufunguo wake ni mlinganyo wa Gibbs na Helmholtz.

Istilahi za msingi

Kiswahili kina bahati ya kutenganisha joto na halijoto. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu kimoja hadi kingine. Halijoto ni kiwango cha umoto wa kitu, na katika makala haya hupimwa kwa kelvini na kuwakilishwa kwa herufi T. Joto ambalo mmenyuko humeza au kutoa chini ya shinikizo lisilobadilika huitwa badiliko la enthalpi, ΔH. Badiliko la entropi, ΔS, hupima jinsi maada na nishati vinavyozidi kutawanyika. Badiliko la nishati huru, ΔG, huunganisha hayo mawili:

ΔG = ΔH − TΔS

ΔG ikiwa chanya, mmenyuko hauendi mbele wenyewe; ikiwa hasi, waweza kwenda; ikiwa sifuri, pande mbili zimelingana.

Kwa nini kugawanya kwa T?

Mtu akichora grafu ya ΔG dhidi ya T, mteremko wake humpa entropi, wala si enthalpi. Ili kuifikia enthalpi, pande zote za mlinganyo hugawanywa kwa T:

ΔG/T = ΔH/T − ΔS

Sasa entropi imesimama peke yake, na enthalpi inazidishwa kwa 1/T. Kwa hiyo, ΔG/T ikichorwa dhidi ya 1/T, mteremko wa grafu ni ΔH. Kwa lugha ya kalkulasi:

d(ΔG/T)/d(1/T) = ΔH

au, kwa kutumia T yenyewe:

d(ΔG/T)/dT = −ΔH/T²

Msomaji makini atauliza: je, ΔH na ΔS zenyewe hazibadiliki halijoto inapopanda? Hakika hubadilika. Hata hivyo, mabadiliko yao yamefungamana. Halijoto ikipanda kidogo, ΔH hubadilika kwa kiasi fulani, nayo ΔS hubadilika kwa kiasi hichohicho kikigawanywa kwa T. Katika ΔH/T − ΔS, nyongeza hizo mbili hufutana kabisa. Kinachobaki ni athari ya T iliyo chini ya ΔH. Kwa sababu hiyo mlinganyo huu si makadirio: katika kila nukta ya grafu, mteremko ni enthalpi kamili ya mmenyuko kwenye halijoto ya nukta hiyo.

Alama ya ΔH nayo hueleza mwelekeo. Kwa mmenyuko unaomeza joto, ΔG/T hushuka kadiri halijoto inavyopanda. Kwa ule unaotoa joto, hupanda.

Mfano: jiwe la chokaa

Jiwe likifungiwa katika chombo kilichoondolewa hewa na kupashwa moto, gesi hutoka mpaka shinikizo lake lifikie kiwango maalumu kwa kila halijoto. Kwa kuwa jiwe na chokaa ni yabisi, shinikizo hilo, likipimwa kwa vizio vya angahewa, ndilo kisawazisho K cha mmenyuko. Nayo K inahusiana na nishati huru hivi, ambapo R ni 8.314:

ΔG/T = −R ln K

Kwenye nyuzi 700 za selsiasi, yaani kelvini 973, shinikizo ni takribani 0.03 ya angahewa, nayo ΔG/T ni juli 29.2 kwa kelvini kwa kila moli. Kwenye nyuzi 900, yaani kelvini 1173, shinikizo ni takribani 1.04, nayo ΔG/T ni −0.3. Tofauti kati ya thamani hizo ni 29.5. Tofauti ya 1/T kati ya halijoto hizo mbili ni 0.000175. Ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili, jibu ni takribani kilojuli 168 kwa kila moli. Kipimo cha shinikizo kimetoa joto.

Ni rahisi kukosea hapa kwa kutumia selsiasi badala ya kelvini. Mwanafunzi anayeweka 700 na 900 moja kwa moja katika 1/T atapata takribani kilojuli 93. Kosa hugunduliwa kwa kulinganisha jibu na enthalpi iliyopatikana kwa kupima joto, ambayo kwenye nyuzi 25 ni kilojuli 178. Jibu la 168 linakaribiana nayo. La 93 haliwezi kutetewa.

Mstari unaopinda

Tofauti kati ya 178 na 168 nayo si kosa la kipimo. Kwenye halijoto za juu, jiwe huhitaji joto zaidi ili kupanda kelvini moja kuliko chokaa na gesi yake zikijumlishwa. Kwa hiyo pengo la enthalpi kati ya pande mbili hupungua polepole, na mstari wa grafu hupinda kidogo.

Upindaji huo mdogo una matokeo. Kwenye nyuzi 25, ΔG ni kilojuli 130.4, hivyo ΔG/T ni juli 437. Mtu akivuta mstari mnyoofu kutoka hapo kwa mteremko wa 178, atafikia sifuri kwenye nyuzi 837. Ukweli ni kwamba gesi hufikia shinikizo la angahewa moja karibu na nyuzi 896. Mwenye tanuri akitegemea hesabu ya kwanza, mawe yaliyo katikati ya rundo, ambako gesi imejaa bila kutoroka, yatabaki mabichi. Pembezoni, ambako upepo huipeperusha gesi, mawe yaweza kuvunjika hata chini ya halijoto hiyo, maana shinikizo la gesi huko ni dogo.

Hitimisho

Kugawanya nishati huru kwa halijoto huiondoa entropi katika mteremko na kuiacha enthalpi peke yake. Mlinganyo wenyewe ni sahihi kila mahali. Kinachohitaji tahadhari ni kuuchukulia mteremko wa mahali pamoja kana kwamba ni wa grafu nzima. Anayetaka kujua joto la tanuri apime mteremko kwenye halijoto ya tanuri.